Ukurasa Mmoja kwa Watu Wasiofungua Faili

Slaidi za taarifa yetu ya robo mwaka zilikuwa sitini na tatu, na mimi ndiye niliyezipanga. Nalisema hilo kwa fahari kidogo na aibu nyingi. Fahari, kwa sababu hakuna jumla hata moja ambayo haikukubaliana na ya slaidi nyingine. Aibu, kwa sababu nilimaliza asubuhi nzima nikihakikisha kijani cha idara ya usafiri kinafanana na kijani cha idara ya ununuzi, kana kwamba kuna mtu Dar es Salaam angekaa kuvilinganisha.

Nafanya kazi ya takwimu katika kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Wakulima huuza pamba kupitia vyama vyao vya msingi, kwenye vituo vilivyotawanyika mkoani. Malori yetu huikusanya na kuileta kiwandani, mashine hutenganisha nyuzi na mbegu, kisha nyuzi hufungwa marobota na kuondoka. Kila robo mwaka kila idara hunitumia slaidi zake, mimi naziunganisha kuwa wasilisho moja, na wasilisho linakwenda makao makuu Dar es Salaam, kwa watu tunaowaita wakubwa.

Sikusomea takwimu. Baada ya kidato cha sita nilirudi nyumbani Sapiwi, na kompyuta nikajifunza bila kompyuta: nilitazama video za bure kwenye simu ya kaka yangu na kuchora vitufe kwenye karatasi ili vidole vizoee. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukarani wa msimu katika kituo cha Bukundi, huko Meatu. Nilikaa pembeni ya mzani, nikaandika uzito, nikautuma Bariadi kila jioni. Mtu mmoja ofisini aliona kwamba taarifa zangu hazirudishwi kwa makosa, wakaniita. Tangu siku hiyo naingia ofisini nikiwa na hofu moja ileile, kwamba leo ndipo watagundua sina cheti. Wanajua sina. Barua yangu ya maombi ilisema hivyo wazi. Lakini hofu yangu haisomi barua.

Siku nilipozimaliza slaidi zile, meneja wa kiwanda aliniita. Ni mtu mzima wa Magu, mtaratibu, anayeongea huku akipanga kalamu zake mezani kwa urefu.

"Binti, slaidi zako nzuri," alisema. "Sasa zifanye ukurasa mmoja."

Nikamuuliza ukurasa mmoja kwa kila idara?

"Ukurasa mmoja. Idara zote. Makao makuu wameomba hivyo. Wakubwa hawafungui mafaili marefu."

"Hawafungui kabisa, bosi?"

Mhasibu wetu, aliyekuwa amekuja kusainiwa hundi, alicheka mpaka akakaa. Yeye ni kijana mwenzetu, ila amenizidi miaka kadhaa, na huniita Profesa kwa sababu anaujua udhaifu wangu.

"Profesa, nikuambie siri. Robo iliyopita, slaidi ya gharama za stoo, nilibandika kitu kingine kwa bahati mbaya. Unajua nini? Menyu ya harusi ya mdogo wangu. Pilau, kachumbari, ndizi za kukaanga, soda kreti kadhaa. Ikaenda Dar. Ikakaa Dar. Mpaka leo hakuna aliyeuliza kama stoo yetu inakula pilau."

Meneja hakucheka. Alisogeza kalamu moja. "Na wewe umekaa kimya mpaka leo."

"Nilikuwa nasubiri waulize, bosi."

Mimi sikucheka pia, kwa sababu nyingine. Robo iliyopita ni mimi niliyeunganisha slaidi. Menyu ya harusi ilipita mikononi mwangu, nami nilikuwa nimeshughulika kunyoosha vichwa vya habari.

Nikarudi kwenye meza yangu na kuanza. Nilidhani kufupisha ni kupunguza ukubwa. Nilichukua kila idara nikaipa sentensi mbili, nikapunguza maandishi mpaka yakawa kama maelezo ya dawa ndani ya boksi, nikasogeza kingo za karatasi karibu na mwisho wa dunia. Habari zikaenea ofisini kwamba nafupisha, na watu wakaanza kuja. Afisa usalama alitaka iandikwe kwamba robo imepita bila ajali. Mkuu wa usafiri alitaka matairi yatajwe. Fundi mkuu alitaka wakubwa wajue kwamba mashine ya tatu ilikuwa imesimama kwa sababu ya misumeno yake ya kuchambulia, lakini isionekane kama ilisimama. Niliwaahidi wote. Mimi ni mtu wa kuahidi. Ukiniangalia kwa huzuni kidogo tu, nakupa mstari.

Mpangilio nilioutumia sikuufikiria hata dakika moja, ulitoka wenyewe. Juu kabisa niliweka shukrani kwa uongozi. Kisha hali ya hewa na hali ya msimu. Kisha habari njema: kiwango cha nyuzi tulizopata katika pamba, marobota, usalama. Kisha jedwali la vituo vyote, kila kimoja na rangi yake: kijani kwa kilichofikia lengo, njano kwa kilichokaribia, nyekundu kwa kilichobaki nyuma. Kisha changamoto. Na mwisho kabisa, mstari wa mwisho chini, ombi letu: tuongeze mkataba wa ghala tunalopanga kwa ajili ya kituo cha Bukundi, kabla ya mwenye ghala kulipangisha kwa mtu mwingine.

Kwetu ndivyo mtu anavyofika. Ukienda kwa mtu kuomba jembe la ng'ombe, huingii na jembe mdomoni. Unasema mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, unaulizwa ulivyolala, unauliza watoto, unauliza mifugo, unauliza mvua. Wenyeji wanajua umekuja kuomba na wewe unajua wanajua, lakini mnatembea polepole kuelekea huko, na ombi linatoka wakati umeshashika mlango. Anayeanza na shida yake kwetu anaonekana hana wazazi.

Meneja alisoma ukurasa ule akiwa amesimama, gari la kwenda Mwanza likimsubiri nje. Alifika chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Una adabu," akasema. "Tuma."

Nikatuma. Nakumbuka nilivyojisikia: mwepesi. Vitu vyote vimo, hakuna mtu aliyeachwa nje, na mstari wa mwisho haukumwagikia ukurasa wa pili.

Kesho yake kabla ya saa sita, katibu muhtasi wa mkurugenzi mkuu alipiga simu kutoka Dar. Ni mama mwenye sauti ya upole ambaye sijawahi kumwona. Meneja alikuwa bado Mwanza, kwa hiyo simu ilikuja kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ukurasa wenu umefika, asanteni. Umepita kwa wakubwa. Sasa nakusomea walichoandika ili mjiandae, sawa? Mkurugenzi wa uendeshaji ameandika hivi: Bukundi nyekundu, tufunge msimu ujao, ghala lisiendelee. Wanalipitisha kwenye kikao Ijumaa."

Nilimwomba arudie. Akarudia kwa sauti ileile, kama anayesoma ratiba.

"Mama, lakini ombi letu lilikuwa kuongeza mkataba. Liko pale chini."

"Chini wapi?"

"Mstari wa mwisho."

Nikasikia anasogeza karatasi. "Aa. Nimeliona. Mwanangu, mkubwa alisoma kwenye simu akiwa kwenye gari. Kwenye simu unaona mwanzo, halafu unaona rangi. Hapa naona shukrani, mvua, halafu nyekundu moja. Kama mna ukurasa mwingine, nileteeni kabla ya Alhamisi mchana niuweke kwenye mafaili yao. Baada ya hapo mimi siwezi kitu."

Nilikata simu nikaenda kusimama nyuma ya stoo, mahali tunapoanika magunia, kwa sababu sikutaka mtu anione nikipumua vile. Bukundi haikuwa mstari kwangu. Niliwajua watu wa pale. Kituo kikifungwa, pamba ya pale ingelazimika kubebwa hadi vituo vya mbali kwa mikokoteni na pikipiki za magurudumu matatu, kwa gharama ya mkulima. Wengi wangeacha kulima pamba. Na makarani wa msimu, vijana kama nilivyokuwa, wangebaki nyumbani. Na ukweli ni kwamba Bukundi haikuwa mbaya. Wekundu ule ulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa kwenye wasilisho, slaidi ya arobaini na moja, katika maelezo ya chini. Niliiacha kwa sababu maelezo ya chini hayakuenea. Nafasi yake niliipa mistari miwili ya shukrani.

Nilimpigia msimamizi wa kanda ya Meatu. Ni mama wa makamo, mkali, anayezunguka vituo kwa pikipiki yake mwenyewe na kofia ya chuma yenye ufa. Nilitaka kumweleza polepole. Nikaanza na salamu. Nikauliza watoto.

"Watoto wazima. Sema."

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nilikuambia kuhusu mzani au sikukuambia?"

"Uliniambia, mama."

"Nilikuambiaje?"

Nilitafuta ujumbe wake kwenye simu nikausoma kwa sauti, kwa sababu aliniagiza nisome. Aliutuma katikati ya msimu, siku mzani wa Bukundi ulipoharibika. *Mzani umekufa leo asubuhi. Wakulima wanaenda vituo jirani. Leteni mwingine kabla ya Jumamosi. Salamu nitawapa nikiweka vocha.*

"Uliusoma mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja."

"Ukaelewa?"

"Nikaelewa."

"Basi."

Akakata. Vocha ilikuwa yangu, lakini yeye alikuwa bado anaongea kama anayetumia yake.

Nilikaa na simu mkononi. Mama huyu ni Msukuma kuliko mimi. Ukifika kwake unakula kwanza, unaulizwa habari za ukoo wenu mpaka kwa bibi aliyekufa, na kama una haraka unaonekana mgonjwa. Lakini salio likiwa dogo, anageuza kila kitu: shida mbele, sababu, siku ya mwisho, na salamu baadaye. Hakuna aliyewahi kumwita hana adabu. Tunajua ana salio dogo. Na wakubwa wale, nikajiambia, wana salio dogo la aina nyingine. Kuwazungusha kwenye mvua na mifugo wakati dakika zao zinakatika si heshima. Ni kuwamalizia vocha.

Mpaka leo nadhani hilo ndilo jambo pekee nililowahi kulijua bila video.

Lakini kujua na kufanya ni vitu viwili, na mimi nikipewa karatasi nyeupe napata homa. Nikaanza kwa kuuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: wakishasoma, wanatakiwa kuamua nini? Jibu lilikuwa moja. Ghala la Bukundi. Kisha: wanatakiwa kujua nini hata kama hawaamui? Hapo nikapata mambo matatu, baada ya kupigana na mengine kumi na kitu. Ununuzi ulifikia lengo kwa ujumla. Kiwango cha nyuzi kilipanda kidogo. Mashine ya tatu inahitaji misumeno mipya kabla ya msimu, na hiyo ndiyo hatari yetu kubwa.

Kisha nikarudi kwenye namba za Bukundi, na hapa nakiri jaribu. Mzani ulipokuwa mbovu, wakulima wa Bukundi walipeleka pamba vituo jirani, na vituo hivyo vikavuka lengo. Nilitamani kuchukua ziada yote ya jirani na kuirudisha Bukundi. Ingependeza. Nyekundu ingekuwa kijani kwa mstari mmoja. Lakini sikuwa na njia ya kujua kila gunia la ziada lilitoka kwa nani. Wengine wa kule jirani walikuwa wamelima zaidi mwaka huu. Ningeandika hivyo, na mtu mmoja Dar akauliza swali moja tu, ukurasa wote ungekufa pamoja na Bukundi.

Mhasibu alikuja kunitania akaniona nimeshika kichwa.

"Profesa, umefika kwenye pilau?"

Nikamwonyesha. Huyu mtu, nimeshasema, ni mtani, lakini namba akiziona hutulia kama ng'ombe aliyeona maji.

"Kwa nini unataka kudai ya jirani?" akauliza. "Angalia wiki ambazo mzani ulikuwepo. Hizo ni za Bukundi peke yake. Zilinganishe na wiki zilezile za msimu uliopita."

"Zilezile?"

"Ndiyo. Usilinganishe na robo iliyopita, robo iliyopita msimu ndio kwanza ulikuwa unaanza. Pamba haiji kila mwezi kama mshahara wako."

"Mshahara wangu nao hauji kila mwezi, wewe ndiye unajua."

"Tuendelee na pamba," akasema.

Tukaziweka wiki pembeni kwa pembeni. Wiki ambazo mzani ulifanya kazi, Bukundi ilikuwa sawa na msimu uliopita, na nyingine zaidi kidogo. Wiki ambazo haukuwepo, sifuri. Hakukuwa na cha kubishania. Kituo hakikuwa kimepungua, kilikuwa kimesimamishwa. Na hilo ni kosa letu sisi, si la wakulima, kwa sababu mzani wa akiba ulichelewa kutoka hapa hapa Bariadi. Nikaliandika hivyo pia. Mhasibu aliusoma mstari ule mara mbili.

"Utaandika tumechelewa?"

"Wakiuliza kwa nini mzani haukuwepo, nitasema nini?"

"Sawa," akasema. "Ila uandike tumechelewa, usiandike mhasibu alichelewa kusaini."

"Sitataja mtu."

"Asante, Profesa."

Kazi iliyobaki ilikuwa mbaya kuliko namba, nayo ilikuwa kutoa. Nilitoa shukrani. Nilitoa mvua. Nilitoa jedwali la vituo vyote, nikabakiza safu nne tu, na kila rangi nikaiwekea neno pembeni, kwa sababu rangi peke yake ndiyo iliyotuponza. Nilitoa matairi. Nilipofika kwenye mstari wa afisa usalama nilisimama. Robo bila ajali ni jambo kubwa kiwandani, na yeye ni mtu anayekagua kila kamba. Lakini hakukuwa na cha kuamua, na halikuwa limebadilika tangu robo iliyopita. Nilikwenda kumwambia mwenyewe, kwa sababu niliogopa kwamba nikimwandikia ujumbe nitaurudisha mstari.

Alikuwa anafunga sanduku la huduma ya kwanza.

"Kwa hiyo watu wasipokufa, si habari," akasema.

"Ni habari. Iko slaidi ya hamsini na mbili, na nimeandika namba ya slaidi chini."

"Nani atafungua slaidi ya hamsini na mbili?"

Nilisema pole. Akasema, "Nenda, Bukundi ina haraka kuliko mimi," lakini hakunitazama, na siku mbili zilizofuata alinipita kwenye korido akiitikia salamu kwa kichwa tu. Nimejifunza kwamba kufupisha ni kumwambia mtu usoni kwamba jasho lake halitaonekana safari hii. Video hazilisemi hilo.

Meneja alirudi Jumatano akiwa na vumbi la barabarani. Nilimpa ukurasa mpya. Mstari wa kwanza ulisema: *Tunaomba idhini ya kuongeza mkataba wa ghala la Bukundi kwa msimu mmoja, kabla ya mwisho wa mwezi huu.* Wa pili ulisema kituo kilibaki nyuma ya lengo kwa sababu mzani haukuwepo, na kwamba wiki zenye mzani kilikuwa sawa na msimu uliopita. Wa tatu ulisema mzani wa akiba ulichelewa kutoka kwetu na utakuwa kituoni kabla ya msimu kuanza. Wa nne ulisema tusipoongeza mkataba, mwenye ghala atalitoa kwa mtu mwingine, na hakuna ghala jingine la kufaa pale. Kisha yale mambo matatu, jedwali dogo, cheo cha mtu wa kuulizwa, na namba za slaidi kwa anayetaka zaidi. Maandishi yalikuwa makubwa. Karatasi ilikuwa na nafasi nyeupe, na nafasi ile iliniuma macho kama meno yaliyong'oka.

Meneja alisoma. Akapanga kalamu.

"Hujamsalimia mtu, binti. Unaanza kuomba."

"Ndiyo, bosi."

"Mkurugenzi mkuu ni mkubwa kwangu kwa umri. Mimi nimemjua miaka mingi. Jina langu ndilo liko chini."

Nilitaka kusema sawa, narudisha shukrani. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Badala yake nilimwomba simu yake. Nilimtumia ukurasa wa zamani na mpya, nikamwomba afungue wa zamani kwanza, asisogeze kidole, aniambie anachokiona.

Aliishika mbali na macho kama wanavyofanya watu wa umri wake. "Naona shukrani. Naona mvua za vuli." Akakunja macho. "Ombi silioni."

"Fungua mwingine."

Akafungua. Alisoma kimya, midomo ikitembea. Nikamweleza ujumbe wa msimamizi wa Meatu, ule wa mzani na vocha. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

"Yule mama," akasema. "Aliwahi kunipigia msiba wa baba yake mzazi kwa sekunde kumi. Jina, saa ya mazishi, kwaheri. Nikafika, akanisalimia siku tatu."

Akaweka simu mezani. Alipokuwa akifikiri, nikaanza kuhesabu marobota ya nje kupitia dirishani.

"Basi salamu nitampigia mimi mwenyewe," akasema mwishowe. "Jioni, kwa sauti yangu, tuulizane watoto kama watu. Karatasi ifanye kazi ya karatasi. Tuma."

Nikatuma Jumatano ileile, pamoja na faili la slaidi zote. Nilipomaliza nikagundua kwamba kwenye safu ya tatu ya jedwali kuna nafasi mbili badala ya moja kati ya maneno. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuandika barua ya pili ya kusahihisha. Nilikaa juu ya ule mkono. Ndiyo, niliukalia, kwenye kiti, mpaka mhasibu akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa ilikwenda kama jiwe linavyokwenda. Nilifanya kazi ambazo hazikuwepo. Baada ya chakula cha mchana simu ya mezani ililia, na haikuwa katibu muhtasi. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya haraka, na nyuma yake watu wanazungumza. Alijitaja kwa cheo: mkurugenzi wa uendeshaji. Ni yeye aliyeandika tufunge.

"Nani ametengeneza huu ukurasa?"

Nilisema ni mimi. Nadhani nilisema. Nilijisikia kama karani wa msimu aliyekutwa na pamba yenye mchanga.

"Niko kwenye kikao. Slaidi ya arobaini na moja, nimeifungua hapa. Hizi wiki tupu katikati, ndizo mnazosema mzani haukuwepo?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndizo."

"Wiki zote hizo? Mzani mmoja?"

"Zote. Wa akiba ulichelewa kutoka kwetu."

"Mmeandika wenyewe, nimeona." Akawageukia wenzake, nikamsikia kwa mbali akisema kituo hakina tatizo, tatizo ni vifaa. Akarudi kwenye simu. "Mkiongezewa ghala, mzani wa pili utakaa wapi? Bariadi tena?"

Hilo halikuwa kwenye ukurasa. Halikuwa kwenye slaidi yoyote kati ya sitini na tatu. Mimi, ninayeogopa kusema kitu nisichokihakiki mara tatu, nilijibu kutoka kichwani, kutoka siku zile nilizokaa pembeni ya mzani wa pale.

"Ukae palepale Bukundi, mheshimiwa. Ndani ya ghala kuna chumba kidogo chenye kufuli, makarani wanaweka turubai humo. Unaenea."

"Sawa," akasema. "Msimu mmoja. Tutaangalia." Akakata.

Sikujua nifanye nini na mwili wangu. Nilikwenda kumwambia meneja, naye alisema "Haya" mara mbili na kupanga kalamu zake kwa rangi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Mhasibu alisema sasa imethibitika kwamba slaidi moja imefunguliwa Dar es Salaam na itabidi tuwe waangalifu na menyu. Kwa afisa usalama nilipita nikamwambia kwamba wamefungua faili lenyewe, kwa hiyo hamsini na mbili haiko mbali. Alicheka kidogo, bila kutaka.

Kisha nikampigia msimamizi wa Meatu. Safari hii nilianza na jambo.

"Mama, Bukundi inabaki. Msimu mmoja, halafu wataangalia."

Kwake kulikuwa na upepo, na sauti ya ng'ombe wakipita, na mtu akiwafokea.

"Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma. Nikasubiri akate kama kawaida yake, lakini hakukata. "Wabeja gete, mwanangu. Ghala lina popo. Niwaambie waanze kuwatoa sasa hivi?"

"Waanze, mama."

"Na wewe," akasema, "umekula?"

Nikamwambia sijala tangu asubuhi. Akaanza kunigombeza, na baada ya hapo akauliza habari za baba, za mama, za wadogo zangu mmoja mmoja, za mvua ya Sapiwi, kama mtu ambaye ameweka vocha ya kutosha na hana pa kwenda.